Ukiongeza nukta jibu linaharibika: kuchunguza uzito hasi katika kanuni za Newton-Cotes

Malalamiko huja karibu kwa maneno yaleyale. Mtu amekadiria integrali, yaani eneo chini ya fanksheni, kwa kanuni ya trapeza, akapata jibu la kuridhisha. Akapanda kwenye Simpson, jibu likawa bora zaidi. Akajiambia kwamba polinomia ya digrii ya pili imesaidia hivi, basi ya digrii ya kumi itasaidia mara tano. Akapitisha polinomia moja kwenye nukta zake zote kumi na moja, na jibu likaruka mbali. Hapo huanza kuikagua programu yake mstari kwa mstari, kumbe programu haina kosa.

Kabla ya kupima dalili tukubaliane tunahesabu nini. Hapa `n` ni idadi ya vipande vilivyo sawa, kwa hiyo nukta ni `n + 1`, na ncha zote mbili zimo. Kanuni ya Newton-Cotes hupitisha polinomia moja kwenye nukta hizo zote na kupima eneo chini yake, na jibu hutoka kama jumla ya thamani za fanksheni, kila moja ikiwa imezidishwa kwa namba iitwayo uzito. Trapeza ni `n = 1`, Simpson ni `n = 2`. Vitabu vingine huhesabu nukta badala ya vipande, na nimeona watu wawili wakibishana jioni nzima kama uzito hasi unaanzia nane au tisa, kumbe walikuwa wanazungumzia kanuni ileile moja. Ni ya vipande vinane, nukta tisa.

## Dalili ya kwanza: jibu linayumba badala ya kutulia

Chukua fanksheni `1/(1 + 25x²)` kutoka `-1` hadi `1`. Carl Runge aliiweka mezani mwaka 1901 kuonyesha kwamba polinomia zinazopita kwenye nukta zenye nafasi sawa zinaweza kuharibika kadiri nukta zinavyoongezeka, na hadi leo sijaona mfano mzuri kuliko huo. Ni fanksheni laini, haina kona wala mkatiko, na integrali yake tunaijua kamili: ni `0.4 · arctan 5`, yaani 0.5494. Haya ndiyo majibu ya Newton-Cotes kwa polinomia moja kwenye kipindi chote:

```
n      jibu
2      1.3590
4      0.4748
6      0.7741
8      0.3001
10     0.9347
```

Yasome polepole. Jibu linapita juu ya 0.5494, linashuka chini yake, linapanda tena, linashuka tena. Jambo la kutisha ni kwamba baada ya `n = 4` kosa linakua kila hatua. Kwenye `n = 4` kosa ni 0.07, na kwenye `n = 10` limefika 0.39. Mwendo huo wa kupishana juu na chini huku kosa likipanuka ndiyo alama ya kwanza ya ugonjwa huu. Programu yenye kosa la kawaida, kwa mfano iliyoruka nukta ya mwisho, hukosea upande mmoja na kosa lake hupungua taratibu nukta zinapoongezeka.

Swali linalofuata huwa ni hili: je, si kompyuta inayopoteza tarakimu? Kulijua ni rahisi. Fanya hesabu ileile kwa sehemu kamili, zile za kiasi juu ya asili, pasipo desimali hata moja. Fanksheni hii inaruhusu, kwa sababu thamani zake kwenye nukta za `n = 10` ni 1, 1/2, 1/5, 1/10, 1/17 na 1/26. Nimefanya hivyo kwa mkono na jibu ni lilelile, 0.9347. Basi tarakimu hazina hatia, na kuhamia kwenye namba zenye usahihi mkubwa zaidi hakutabadilisha kitu. Kosa hili limo ndani ya kanuni yenyewe.

Ukitaka kuhakikisha kwamba nukta nazo hazina hatia, chukua thamani zilezile kumi na moja uzipitishe kwenye trapeza. Utapata 0.5512, kosa la elfu mbili hivi kwa milioni. Simpson ya vipande vidogovidogo, kwa thamani hizohizo, inatoa 0.5698. Data ni moja, nukta ni zilezile. Kilichobadilika ni uzito tu, yaani namba tunayozidisha nayo kila thamani kabla ya kujumlisha.

## Dalili ya pili: fanksheni chanya, eneo hasi

Hii ndiyo dalili inayomshtua mtu zaidi, na ndiyo yenye kufundisha zaidi. Chukua `exp(-50x²)` kutoka `-1` hadi `1`. Ni kengele nyembamba iliyosimama katikati. Haigusi sifuri popote, haishuki chini ya sifuri popote. Eneo lake ni 0.2507. Itupe kwenye kanuni ya `n = 8` na jibu ni -0.2552.

Kuna mtu alinionyesha jibu la namna hii akaniambia, “Ukubwa uko karibu sawa, labda nimekosea alama tu.” Hapana. Ukaribu huo ni bahati, na ukifuta alama ya kutoa utakuwa umeficha maiti chini ya kitanda.

Tuifungue hesabu tuone. Uzito wa kanuni ya `n = 8`, kwa kipindi chenye urefu wa 1, ni namba hizi zikigawanywa kwa 28350:

```
989  5888  -928  10496  -4540  10496  -928  5888  989
```

Nukta ya katikati, `x = 0`, ndipo kengele ilipo na thamani yake ni 1. Lakini uzito wa nukta hiyo ni -4540. Kipindi chetu kina urefu wa 2, kwa hiyo nukta hiyo peke yake inaingiza -0.3203 kwenye jumla. Jirani zake wawili, `x = ±0.25`, wana uzito mkubwa wa 10496, ila thamani ya kengele hapo imeshaporomoka hadi 0.0439. Wawili hao kwa pamoja wanarudisha 0.0651 tu. Zilizobaki ni kama hazipo. Jumla: -0.2552.

Kwa maneno mengine, kanuni hii inasema kwamba ukiinua fanksheni yako katikati, eneo chini yake linapungua. Ni kauli ya ajabu, na inadai kuelezwa.

## Chanzo: mabonde ya pembeni

Kila uzito ni integrali ya polinomia moja. Kwa nukta ya `k`, polinomia hiyo ina thamani 1 kwenye nukta yenyewe na sifuri kwenye nukta nyingine zote. Watu huiita polinomia ya msingi ya Lagrange. Newton-Cotes haifanyi chochote zaidi ya kuzijumlisha polinomia hizi, kila moja ikiwa imezidishwa kwa thamani ya fanksheni mahali pake, kisha kupima eneo la polinomia iliyopatikana.

Mtu akifikiria polinomia ya nukta ya katikati, anaona akilini nundu moja katikati na mawimbi madogo pembeni. Kwa `n` ndogo picha hiyo si mbaya. Lakini polinomia imefungwa kwenye sifuri kila nukta, na kati ya sifuri mbili lazima ipande au ishuke. Swali ni kwa kiasi gani. Karibu na katikati, umbali kutoka ulipo hadi kwenye nukta nyingine ni mfupi pande zote, hivyo ukizizidisha umbali hizo unapata namba ndogo. Ukisogea kwenye kipande cha mwisho karibu na ncha, nukta nyingi ziko mbali sana upande mmoja, na zao la umbali hizo linavimba. Namba ya kugawanyia zao hilo, ile inayofanya kimo kiwe 1 kwenye nukta yenyewe, haibadiliki. Matokeo yake ni kwamba wimbi la pembeni, ambalo tulidhani ni dogo, linakuwa kubwa kuliko nundu ya katikati.

Pima mwenyewe. Weka nukta kwenye 0, 1, 2 hadi `n`, chukua polinomia ya nukta ya katikati, na uangalie thamani yake kwenye 0.5, yaani katikati ya kipande cha kwanza kabisa. Kumbuka kwamba nundu yake ya katikati ina kimo cha 1.

```
n      thamani kwenye 0.5
6       0.90
8      -1.96
10      4.93
20     kama -1219
```

Hapo ndipo siri ilipo. Kwenye `n = 6` wimbi la pembeni bado halijafikia kimo cha nundu, na kwa bahati liko juu ya mstari, kwa hiyo linaongeza uzito wa katikati. Kwenye `n = 8` limekuwa bonde lenye kina cha karibu 2, na yapo mawili, moja kila ncha. Nundu ya katikati ina kimo cha 1. Mabonde mawili yanaimeza nundu, na eneo lote linabaki hasi: ndiyo ile -4540. Kwenye `n = 10` mawimbi ya pembeni yamegeuka tena kuwa juu, kwa hiyo uzito wa katikati ni chanya kikubwa mno, lakini sasa ni jirani wa katikati walioangukia upande wa bonde. Ukihama kutoka nukta moja kwenda ya pili yake, alama ya wimbi la ncha hugeuka. Ndiyo maana alama za uzito hupishana, chanya na hasi, kama meno ya msumeno:

```
16067  106300  -48525  272400  -260550  427368  -260550 ...
```

(hii ni `n = 10`, igawanye kwa 598752, na nusu ya pili ni kioo cha nusu ya kwanza).

Kwa hiyo uzito wa nukta ya katikati, kwa `n` kubwa, hausemi lolote kuhusu katikati. Unasema habari za ncha. Nikilielewa hilo, ile kengele yetu haikunishangaza tena: tuliipa kanuni taarifa moja tu, kwamba katikati kuna kimo cha 1, nayo ikachora polinomia yenye mabonde mawili makubwa pembeni ambako fanksheni halisi iko bapa kabisa, kisha ikapima mabonde hayo kwa uaminifu.

Hapa kuna kioja kidogo kinachowachanganya wengi. Kanuni ya `n = 9` ina uzito chanya wote. Hadi `n = 7` yote ni chanya, `n = 8` ina hasi, `n = 9` inapona, na kuanzia `n = 10` kwenda juu imethibitishwa kwamba hasi lazima ziwepo, hakuna kupona tena. Ukiangalia vizuri, `n = 8` na `n = 9` zote zinapatia kikamilifu polinomia hadi digrii ya 9, kwa sababu kanuni zenye `n` shufwa hupata digrii moja ya ziada kutokana na ulinganifu wake. Hiyo nukta ya kumi haikuongeza digrii, lakini imeondoa uzito hasi. Hata hivyo mmoja wa uzito wake, 1080 kati ya 89600, umekonda sana ukilinganisha na jirani zake wa 15741 na 19344. Amepona, lakini kwa kushikilia ukuta.

## Kipimo kimoja kinachotosha

Ukitaka namba moja ya kupimia ugonjwa, jumlisha uzito wote bila kujali alama. Kwa kipindi chenye urefu wa 1, jumla ya kawaida ya uzito ni 1 daima, kwa sababu kanuni lazima ipatie fanksheni ya mstari bapa. Kama uzito wote ni chanya, jumla isiyojali alama nayo ni 1. Kila kinachozidi 1 ni uzito hasi unaofutana na uzito chanya. Kwa `n = 8` ni 1.45. Kwa `n = 10` ni 3.06. Kwa `n = 20` inafika mamia, na kutoka hapo, kwa `n` shufwa, inaongezeka mara tatu hivi au zaidi kila unapoongeza nukta mbili.

Programu hii fupi inatoa uzito kwa sehemu kamili, bila kosa la tarakimu:

```python
from fractions import Fraction as F

def uzito(n):
    w = []
    for k in range(n + 1):
        p = [F(1)]
        for j in range(n + 1):
            if j != k:
                q = [F(0)] * (len(p) + 1)
                for i, c in enumerate(p):
                    q[i] -= c * j / F(k - j)
                    q[i + 1] += c / F(k - j)
                p = q
        w.append(sum(c * F(n)**(i + 1) / (i + 1)
                     for i, c in enumerate(p)) / n)
    return w

for n in range(1, 21):
    w = uzito(n)
    print(n, float(min(w)), float(sum(abs(x) for x in w)))
```

Safu ya pili ikionyesha namba hasi, umeingia eneo la hatari. Safu ya tatu inakuambia hatari ni kubwa kiasi gani.

Mwaka 1933 George Pólya alionyesha kwamba jumla hii ndiyo inayoamua kila kitu. Mfululizo wa kanuni ambazo zinapatia polinomia utafikia jibu sahihi kwa kila fanksheni isiyokatika iwapo, na iwapo tu, jumla hiyo haivuki mpaka fulani usiobadilika. Ya Newton-Cotes inavuka kila mpaka. Kwa hiyo hata ukiwa na kompyuta isiyokosea tarakimu hata moja, daima kuna fanksheni ambazo kanuni hizi hazitazifikia kamwe, na ya Runge ni mojawapo.

## Dalili ya tatu: data ya vipimo inacheza

Hadi hapa tumezungumzia fanksheni safi. Data iliyopimwa na watu inaleta shida ya pili, na mara nyingi ndiyo inayomleta mtu kuuliza.

Fikiria mto wenye upana wa mita 20. Umenyoosha kamba kutoka ukingo hadi ukingo, na kila baada ya mita 2 unashusha fimbo kupima kina. Nukta kumi na moja. Unataka eneo la mkato wa mto ili ulizidishe kwa kasi ya maji. Fimbo ndani ya maji yanayokwenda haisomeki vizuri zaidi ya sentimita 2, juu au chini.

Ukitumia trapeza na ukakosea kipimo cha katikati kwa sentimita 2, eneo linabadilika kwa mita za mraba 0.04. Ukitumia `n = 10`, kosa hilohilo la sentimita 2 linabadilisha eneo kwa 0.29. Hiyo ni nukta moja tu. Makosa yote kumi na moja yakijipanga vibaya, yaani kila moja ikifuata alama ya uzito wake, trapeza inakosea kwa 0.4 na `n = 10` kwa zaidi ya 1.2. Uwiano huo ni ile 3.06 tuliyoiona.

Najua utasema makosa hayajipangi vibaya hivyo. Kweli, kwa kawaida hutapakaa ovyo. Basi tuyachukue yawe ya nasibu, kila kipimo na kosa lake lisilotegemea la mwenzake. Hapo kinachohesabika ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya uzito. Kwa trapeza ya nukta kumi na moja ni kama 0.31: vipimo vingi vinasaidiana, na wastani wao ni imara kuliko kipimo kimoja. Ndicho tunachotarajia. Kwa `n = 10` ni kama 1.17. Namba hiyo imezidi 1. Yaani umeingia mtoni, umepima mara kumi na moja, kisha kanuni ikachanganya vipimo vyako kwa namna ambayo kina cha wastani unachopata kina mashaka makubwa kuliko kipimo kimoja cha fimbo. Bora ungepima mara moja ukarudi nyumbani.

Namna ya kuitambua dalili hii: chukua data yako, ongeza kwenye kila thamani kosa dogo la nasibu linalolingana na usahihi wa kifaa chako, rudia mara mia, uangalie majibu yanatawanyika kiasi gani. Yakitawanyika kuliko kosa la kifaa likizidishwa kwa urefu wa kipindi, kanuni yako inakuza kelele badala ya kuituliza.

Jambo hilo linawapata hata wasio na vipimo, maana kompyuta nayo ni kifaa chenye kelele. Kila thamani imekatwa kwenye tarakimu ya 16 hivi. Kwa `n = 10` huoni kitu. Kwa `n = 20` unapoteza tarakimu mbili tatu. Kufikia `n = 50`, jumla ya uzito bila alama imeshafika mabilioni mengi, na tarakimu zilizobaki za kuaminika unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

## Dalili ya nne: uzito hasi usiostahili kuwepo

Mara chache tatizo ni programu kweli. Ukiona hasi kwenye `n = 5`, au kwenye `n = 9`, au uzito wa upande wa kushoto haufanani na wa kulia, basi si ugonjwa tuliouzungumzia. Umekosea kuutafuta uzito wenyewe.

Njia ambayo wengi huitumia ni kuandika milinganyo inayodai kanuni ipatie `1`, `x`, `x²` na kuendelea, kisha kuitatua. Jedwali la milinganyo hiyo, la Vandermonde, ni bovu kwa kompyuta. Ukiweka nukta kwenye 0 hadi 20, safu ya juu ina 1 na ya chini ina 20 kwa kipeo cha 20, namba yenye tarakimu ishirini na saba. Hakuna namba ya kawaida ya kompyuta inayoweza kubeba zote mbili pamoja bila kupoteza. Linganisha na programu ya sehemu kamili hapo juu. Ukaguzi wa haraka ni mambo mawili: uzito wote ujumlishwe uwe 1, na orodha isomeke sawa kutoka mbele na kutoka nyuma. Hilo la kwanza peke yake halitoshi, nimeshawahi kudanganyika nalo.

## Nini cha kufanya

Kama nukta zako zimeshapangwa kwa nafasi sawa na huwezi kuzibadili, kata kipindi vipande vidogo na utumie Simpson kwenye kila jozi ya vipande. Uzito wote ni chanya, na kosa linapungua mara kumi na sita kila unapopunguza nafasi kwa nusu, mradi fanksheni ni laini. Kama unataka kasi zaidi ya hapo, njia ya Romberg inajenga kutoka kwenye trapeza na inabaki na uzito chanya. Kwa nukta zilezile tisa ambazo Newton-Cotes inatoa -4540 katikati, Romberg inatoa:

```
217  1024  352  1024  436  1024  352  1024  217
```

ikigawanywa kwa 5670. Hakuna hasi hata moja. Ukiwa na data nyingi yenye kelele, njia nyingine ni kutopitisha polinomia kwenye kila nukta: chagua digrii ndogo, kama kipeuo cha pili cha idadi ya nukta, uipitishe katikati ya data kwa njia ya miraba midogo kabisa, kisha upime eneo lake.

Kama wewe ndiye unayechagua nukta, acha nafasi sawa. Kanuni ya Gauss huchagua nukta zinazosongamana kuelekea ncha, mahali palepale ambapo mabonde yalikuwa yanazaliwa, na uzito wake ni chanya kwa kila idadi ya nukta. Nukta za kosaini, zile za Clenshaw na Curtis, nazo vivyo hivyo.

Lakini usitarajie miujiza kutoka kwenye uzito chanya peke yake. Ile kengele ya `exp(-50x²)` kwa nukta tisa: Romberg inatoa 0.1855 na trapeza 0.2720, wakati jibu ni 0.2507. Zote mbili zimekosea, ila zimekosea kama watu wenye akili timamu, kwa sababu nukta tisa ni chache kwa kengele nyembamba hivyo. Ongeza hadi kumi na saba na trapeza inatoa 0.25066, sahihi hadi desimali ya tano. Kuongeza nukta kunaleta nafuu tena.

Na kuna wakati `n = 10` haina shida yoyote. Integrali ya `exp(x)` kutoka 0 hadi 1 inatoka sahihi hadi desimali ya kumi na nne hivi, pamoja na uzito wake wote hasi, kwa sababu polinomia ya digrii ya kumi inagandamana na fanksheni hiyo kila mahali, hata kwenye ncha. Kipimo cha fanksheni salama kiko kwenye namba changamano. Kwa kipindi cha `-1` hadi `1`, kuna eneo linalokizunguka ambalo linakata mhimili wa kufikirika karibu na 0.53, na fanksheni ni salama ikiwa hailipuki, yaani haikui bila kikomo, popote ndani ya eneo hilo. Fanksheni ya Runge inalipuka kwenye 0.2 ya mhimili huo, ndani kabisa ya eneo. Badili 25 iwe 1 na mlipuko unahamia kwenye 1, nje ya eneo, na kanuni zilezile zinaanza kukaribia jibu, hadi kelele ya tarakimu itakapozishika. Ipime `1/(1 + x²)` hiyohiyo kutoka `-4` hadi `4` na umerudi ndani, kwa sababu ukiubana mhimili kwa nne unapata `1/(1 + 16u²)`, na mlipuko wake uko kwenye 0.25.